Mashine ya Boti kwa Malipo ya Awamu: Jinsi ya Kuiandika Vitabuni, Hatua kwa Hatua

Kila Januari wenye boti wa Amu, Shela na Mokowe huleta vitabu vyao vifungwe. Palipo na mashine iliyonunuliwa kwa awamu, hesabu huwa imeharibika mahali pale pale. Mmoja ameandika kila awamu kuwa matumizi, kama anavyoandika petroli. Mwingine ameiandika mashine kwa jumla ya fedha zote atakazolipa, riba ikiwa imezama ndani yake. Wa tatu ameitoa riba vizuri, kisha akaigawa sawasawa kwa kila awamu.

Makosa yote matatu yana chanzo kimoja. Mnunuzi wa awamu hununua vitu viwili kwa mkataba mmoja: mashine, na muda wa kulipa. Mashine ni mali, nayo huingia vitabuni siku ile unapoipokea. Muda una bei yake, yaani riba, na bei hiyo huingia vitabuni kadiri muda wenyewe unavyopita. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuvitenganisha viwili hivyo tangu siku ya kwanza hadi awamu ya mwisho, kwa upande wa mnunuzi peke yake.

## Mfano tutakaoufuata

Mwenye boti ya abiria kati ya Amu na Mokowe amechukua mashine tarehe 1 Julai 2025. Hesabu za mwaka wake hufungwa 31 Desemba. Mkataba unasema hivi:

- Bei ya taslimu: shilingi 480,000
- Arubuni iliyolipwa siku hiyo: shilingi 120,000
- Awamu 8 za shilingi 55,700, kila mwisho wa miezi mitatu, ya kwanza 30 Septemba 2025 na ya mwisho 30 Juni 2027
- Mashine itakuwa mali ya mnunuzi kisheria akishamaliza awamu ya mwisho

Nimechagua awamu za miezi mitatu ili jedwali lote lionekane mara moja. Za kila mwezi zinafuata njia ile ile, mistari tu ndiyo inayoongezeka.

## Vya kuweka mezani kabla ya kuanza

Mkataba wenyewe. Usitegemee maneno ya dukani wala ujumbe wa simu. Unachotafuta humo ni bei ya taslimu, arubuni, kiasi cha awamu, idadi yake na tarehe zake. Bei ya taslimu ndiyo nguzo ya hesabu yote. Sheria ya Kenya ya ununuzi wa namna hii, Sura ya 507, inamtaka muuzaji amwandikie mnunuzi bei hiyo. Ikiwa haimo, rudi ukaidai kabla hujaandika mstari wowote.

Risiti ya arubuni, pamoja na risiti za gharama za kuifikisha mashine na kuifunga kwenye boti kama ulizilipa mwenyewe.

Leja yenye akaunti sita: Mashine, Muuzaji wa Mashine, Riba ya Awamu, Uchakavu wa Mwaka, Limbikizo la Uchakavu, na Benki. Wanaolipa kwa simu waongeze akaunti ya ada za kutuma fedha, kwa sababu ada hizo si riba wala si sehemu ya deni.

Kikokotoo, au kompyuta yenye Excel. Kompyuta inaokoa muda sana katika hatua ya tatu.

## Hatua ya 1: Toa riba kutoka kwenye jumla

Jumlisha arubuni na awamu zote. Awamu 8 za 55,700 ni 445,600. Ongeza arubuni 120,000, unapata 565,600. Hiyo ndiyo bei ya awamu.

Sasa toa bei ya taslimu: 565,600 kutoa 480,000 ni 85,600. Hiyo ndiyo riba yote ya mkataba.

Kisha tafuta deni la siku ya kwanza: 480,000 kutoa arubuni 120,000 ni 360,000. Hapa wengi huandika 445,600 kwa sababu ndizo fedha watakazolipa. Lakini tarehe 1 Julai riba bado haijazaliwa. Anayeamua kumaliza deni asubuhi ya siku ya pili hajatumia muda wowote wa kulipiwa 85,600.

*Umefaulu ikiwa* 360,000 pamoja na 85,600 zinakupa jumla ya awamu zote, 445,600. Zisipolingana, kuna gharama nyingine ndani ya mkataba ambayo hujaiona. Mara nyingi ni bima au ada ya kuandika mkataba, na kila moja inatakiwa itolewe na kuwekwa kwenye akaunti yake.

## Hatua ya 2: Ingiza mashine siku unapoipokea

Manahodha huuliza swali la haki kabisa: "Mashine bado ni ya muuzaji mpaka nimalize, nitaiandikaje kuwa yangu?"

Hesabu huangalia nani anaitumia mali na nani anabeba hasara yake. Mashine iko kwenye boti yako, nauli inayoleta ni yako, na ikizama pale Mkanda utaendelea kulipa awamu hata kama huna tena cha kuendesha. Kwa sababu hiyo viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS 16 kikiwamo, vinataka mali ya namna hii ionekane kwenye vitabu vya anayeitumia, na deni lake lionekane pamoja nayo. Haki ya muuzaji hutajwa kwenye maelezo chini ya mizania: mashine hii imenunuliwa kwa awamu, na deni lililobaki ni kiasi fulani.

Maandishi ya tarehe 1 Julai 2025:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---:|---:|
| Mashine | 480,000 | |
| Benki (arubuni) | | 120,000 |
| Muuzaji wa Mashine | | 360,000 |

Kama ulilipa mwenyewe usafiri hadi gati la Mokowe na fundi wa kuifunga, fedha hizo huongezwa kwenye akaunti ya Mashine, kwa sababu bila hizo mashine isingefanya kazi. Bima haiongezwi, wala petroli ya safari ya kwanza ya abiria. Katika mfano wetu tuchukue kwamba bei ya taslimu ilikuwa pamoja na kuifikisha na kuifunga.

Tahadhari. Usiiandike mashine kwa 565,600. Ukifanya hivyo, riba ya 85,600 inajificha ndani ya mali, halafu inatoka polepole kwa jina la uchakavu, tena kwa miaka mingi baada ya deni kwisha. Mwenye kusoma vitabu vyako ataona mashine yenye thamani ambayo hakuna duka lingeiuza kwa bei hiyo.

## Hatua ya 3: Tafuta kiwango halisi cha riba

Hii ndiyo hatua inayowashinda watu, kwa hiyo tuiendee taratibu.

Muuzaji huwa amekwambia kiwango. Katika mfano wetu angesema "asilimia 12 kwa mwaka hivi". Hesabu yake ni rahisi: riba 85,600 gawanya kwa 360,000, gawanya tena kwa miaka miwili, unapata asilimia 11.9. Hajadanganya, lakini kiwango hicho kinahesabu kana kwamba unadaiwa 360,000 zote kwa miaka miwili mizima. Ukweli ni kwamba deni linapungua kila baada ya miezi mitatu. Riba ile ile juu ya deni linalopungua maana yake ni kiwango kikubwa zaidi.

Tunachotafuta ni kiwango kimoja ambacho, kikitozwa kila miezi mitatu juu ya deni lililobaki, kitaliacha deni likiwa sifuri baada ya awamu ya nane.

Kwa kompyuta, andika hivi kwenye kisanduku kimoja cha Excel:

```
=RATE(8,-55700,360000)
```

Nambari ya kwanza ni idadi ya awamu. Ya pili ni kiasi cha awamu, na alama ya kutoa mbele yake inaonyesha kwamba fedha zinatoka kwako. Ya tatu ni deni la siku ya kwanza. Ukisahau alama ile ya kutoa, Excel italeta kosa badala ya jibu. Hapa jibu ni asilimia 5 kwa miezi mitatu, sawa na asilimia 20 kwa mwaka ukizidisha kwa nne.

Bila kompyuta, jaribu kwa kubahatisha kwa akili. Chukua kiwango, chora jedwali la hatua ya nne hadi mwisho, kisha tazama kilichobaki. Deni likibaki baada ya awamu ya nane, kiwango chako ni kikubwa mno. Likishuka chini ya sifuri, ni kidogo mno. Ukijaribu asilimia 6 katika mfano huu, deni la zaidi ya 22,000 linabaki. Ukitumia asilimia 3 kwa miezi mitatu, yaani ile 12 ya muuzaji iliyogawanywa kwa nne, jedwali linaonyesha umemzidishia muuzaji zaidi ya 39,000. Jawabu liko katikati, na majaribio machache yanakufikisha.

Deni linaloshuka chini ya sifuri mwishoni ndiyo dalili ya wazi kabisa kwamba mwandishi wa vitabu alitumia kiwango cha muuzaji. Nikiiona sihitaji kutafuta kosa lingine.

Wapo wanaotumia njia ya mkato ya kujumlisha namba za awamu. Unajumlisha 1 hadi 8, unapata 36. Awamu ya kwanza inabeba 8/36 ya riba, ya pili 7/36, na kuendelea hadi ya mwisho 1/36. Kwa mfano wetu awamu ya kwanza ingebeba 19,022 mahali pa 18,000. Kwa mkataba mfupi tofauti hiyo inavumilika, na njia haitaki kompyuta. Kadiri mkataba unavyorefuka na riba inavyopanda, ndivyo inavyozidi kupotoka. Mkataba wa miaka mitatu au minne usiuandike kwa njia hiyo.

## Hatua ya 4: Chora jedwali lote mara moja

Lichore lote siku ya kununua, usingoje kila awamu ifike. Jedwali kamili ndilo linalokuonyesha kama hatua ya tatu ilikuwa sahihi.

Kila mstari una kazi tatu. Zidisha deni la mwanzo kwa asilimia 5 upate riba. Toa riba hiyo kwenye 55,700 upate sehemu inayopunguza deni. Toa sehemu hiyo kwenye deni upate baki.

| Tarehe | Deni la mwanzo | Riba | Inayopunguza deni | Baki |
|---|---:|---:|---:|---:|
| 30 Sep 2025 | 360,000 | 18,000 | 37,700 | 322,300 |
| 31 Des 2025 | 322,300 | 16,115 | 39,585 | 282,715 |
| 31 Mac 2026 | 282,715 | 14,136 | 41,564 | 241,151 |
| 30 Jun 2026 | 241,151 | 12,058 | 43,642 | 197,509 |
| 30 Sep 2026 | 197,509 | 9,875 | 45,825 | 151,684 |
| 31 Des 2026 | 151,684 | 7,584 | 48,116 | 103,568 |
| 31 Mac 2027 | 103,568 | 5,178 | 50,522 | 53,046 |
| 30 Jun 2027 | 53,046 | 2,654 | 53,046 | 0 |

Kwa Excel, weka deni la mwanzo safu ya B, riba C, inayopunguza deni D na baki E, ukianzia mstari wa pili:

```
B2: 360000
C2: =ROUND(B2*5%,0)
D2: =55700-C2
E2: =B2-D2
B3: =E2
```

Kisha shusha fomula hadi mstari wa tisa. Kwa sababu ya kukata senti, mstari wa mwisho utabaki na tofauti ya shilingi mbili. Irekebishe kwenye riba ya mwisho: 55,700 kutoa 53,046 ni 2,654. Tofauti ya shilingi chache ni ya kukata senti. Ikifika mamia, kiwango chako kina kasoro, na kuificha kwenye mstari wa mwisho hakusaidii.

Tazama safu ya riba inavyoteremka kutoka 18,000 hadi 2,654. Aliyegawa sawasawa angeandika 10,700 kila mara. Mwaka 2025 angeonyesha riba ya 21,400, ilhali ya kweli ni 34,115. Faida yake ya mwaka huo ingevimba kwa 12,715, na angeilipa tofauti hiyo miaka inayofuata kwa riba kubwa juu ya deni ambalo limekwisha kupungua.

*Umefaulu ikiwa* baki la mwisho ni sifuri na safu ya riba inajumlika kuwa 85,600 kamili.

## Hatua ya 5: Andika kila awamu kwa sehemu mbili

Jedwali likiwa tayari, kazi hii ni ya kunakili. Tarehe 30 Septemba 2025 fedha zinazotoka benki ni 55,700, lakini haziendi mahali pamoja:

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---:|---:|
| Riba ya Awamu | 18,000 | |
| Muuzaji wa Mashine | 37,700 | |
| Benki | | 55,700 |

Tarehe 31 Desemba riba ni 16,115 na deni linapungua kwa 39,585. Akaunti ya Mashine haiguswi kamwe na awamu. Ukijikuta unaiandikia mashine debiti kila unapolipa, simama: unainunua mara ya pili.

## Hatua ya 6: Toa uchakavu kwa bei ya taslimu

Uchakavu hauna uhusiano na awamu. Mashine inachakaa kwa maji ya chumvi na kwa saa inazofanya kazi, iwe umelipa au hujalipa.

Kadiria muda ambao mashine itakutumikia na bei utakayoiuza baadaye. Tuseme mwenye boti wetu, akiangalia mashine alizokuwa nazo kabla, anakadiria miaka 4 na bei ya mwisho 80,000. Toa 80,000 kwenye 480,000, gawanya kwa 4: uchakavu ni 100,000 kwa mwaka. Mwaka 2025 ameitumia miezi sita tu, kwa hiyo ni 50,000.

| Akaunti | Debiti | Krediti |
|---|---:|---:|
| Uchakavu wa Mwaka | 50,000 | |
| Limbikizo la Uchakavu | | 50,000 |

Tahadhari. Usitumie miaka miwili ya mkataba kuwa umri wa mashine. Mkataba ukiisha mashine inabaki kwako, na itaendelea kuvusha watu. Umri wa mkataba hutumika pale tu mali inaporudi kwa mwenyewe mwishoni, jambo ambalo si la mkataba huu.

Sasa tuone tofauti inayofanya kazi hii yote iwe na thamani. Tuseme miezi sita ile boti imeacha 140,000 baada ya petroli, mabaharia na matengenezo. Aliyeandika arubuni na awamu mbili kuwa matumizi anatoa 231,400, na vitabu vyake vinaonyesha hasara ya 91,400. Aliyefuata hatua hizi anatoa riba 34,115 na uchakavu 50,000, anabaki na faida ya 55,885. Boti ni ile ile na fedha benki ni zile zile. Lakini wa kwanza anaweza kuiuza mashine kwa kuamini kazi haina faida, au kuonekana hafai anapokwenda kuomba mkopo mwingine. Na mashine yenyewe haimo hata kidogo kwenye mali zake.

## Hatua ya 7: Kufunga mwaka

### Gawa deni la karibu na la mbali

Tarehe 31 Desemba 2025 baki ni 282,715. Mizania inataka kujua ni kiasi gani kinaiva ndani ya miezi 12 ijayo.

Hapa ndipo wengi huzidisha awamu nne kwa 55,700 na kuandika 222,800. Kiasi hicho kina riba ya 2026 ndani yake, riba ambayo bado haijafika. Njia sahihi ni kusoma jedwali: baki la 31 Desemba 2025 kutoa baki la 31 Desemba 2026, yaani 282,715 kutoa 103,568, ni 179,147. Hilo ndilo deni la karibu. Deni la mbali ni 103,568.

Mizania ya mashine inasomeka hivi:

| 31 Desemba 2025 | Shilingi |
|---|---:|
| Mashine, bei ya kununulia | 480,000 |
| Limbikizo la uchakavu | (50,000) |
| Thamani vitabuni | 430,000 |
| Muuzaji, deni la ndani ya mwaka | 179,147 |
| Muuzaji, deni la zaidi ya mwaka | 103,568 |

### Mwaka usipoisha siku ya awamu

Mfano wetu una bahati: 31 Desemba ni siku ya awamu. Vikundi vingi hufunga siku nyingine. Tuseme ni 30 Novemba. Miezi miwili kati ya mitatu ya awamu ya pili imekwisha kupita, kwa hiyo theluthi mbili za 16,115, yaani 10,743, ni riba ya mwaka huo ingawa fedha hazijatoka. Debiti Riba ya Awamu 10,743, krediti Riba Inayodaiwa 10,743. Awamu ikilipwa 31 Desemba, debiti Riba Inayodaiwa 10,743, na zilizobaki 5,372 ndizo ziende Riba ya Awamu ya mwaka mpya.

### Linganisha na taarifa ya muuzaji

Mwombe muuzaji taarifa ya deni. Kwake utaona 334,200, yaani awamu 6 zilizobaki. Kwako ni 282,715. Watu huingiwa na hofu hapa na kubadilisha vitabu vyao vifanane na vya muuzaji. Usifanye hivyo.

Toa: 334,200 kutoa 282,715 ni 51,485. Sasa jumlisha riba ya mistari sita iliyobaki kwenye jedwali: 14,136, 12,058, 9,875, 7,584, 5,178 na 2,654. Unapata 51,485. Muuzaji amehesabu riba ya siku zijazo, wewe hujaihesabu, na tofauti yote imeelezeka hadi shilingi ya mwisho. Hakuna ushahidi mwingine unaonitosheleza kama huu kwamba vitabu vya awamu viko sawa. Ufanye kila mwaka, na karatasi yake uihifadhi pamoja na mkataba.

## Hatua ya 8: Awamu ikikosekana

Kusi inapovuma kwa nguvu, abiria na watalii hupungua, na awamu ya 30 Juni 2026 inaweza kukwama. Kosa la kawaida ni kutoandika chochote kwa kuwa fedha hazikutoka. Lakini miezi mitatu imepita, na riba yake imeshaiva.

Andika debiti Riba ya Awamu 12,058, krediti Muuzaji wa Mashine 12,058. Deni linapanda kutoka 241,151 hadi 253,209. Faini ya kuchelewa, kama mkataba unayo, iwekwe kwenye matumizi ya mwaka siku inapotozwa, katika akaunti yake peke yake. Ikichanganywa na riba, jedwali halitafungika tena. Mkikubaliana tarehe mpya au kiasi kipya, rudi hatua ya tatu na uchore jedwali jipya kuanzia deni la 253,209.

Kuna mpaka mmoja wa kisheria unaofaa kuandikwa pembeni ya jedwali. Chini ya Sura ya 507, mnunuzi ambaye si kampuni akishalipa theluthi mbili za bei ya awamu, muuzaji hawezi kumnyang'anya mali bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili za 565,600 ni takriban 377,067. Kwa arubuni na awamu nne mwenye boti atakuwa amelipa 342,800, bado hajafika. Awamu ya tano inamfikisha 398,500. Kabla ya hapo, kukosa awamu ni hatari zaidi, na mwenye kuweka vitabu ndiye anayeweza kumwambia bosi wake mapema amebakiza kiasi gani kuufikia mpaka huo.

Mashine ikichukuliwa, mali na deni vyote hutoka vitabuni. Toa bei ya mashine, limbikizo la uchakavu, na deni lililobaki la muuzaji. Ikiwa thamani ya mashine vitabuni inazidi deni linalofutwa, tofauti ni hasara ya mwaka huo. Ikiwa muuzaji bado anadai kitu baada ya kuichukua, kiasi hicho kibaki kama deni.

## Hatua ya 9: Awamu ya mwisho

Tarehe 30 Juni 2027 andika riba 2,654 na deni 53,046, benki 55,700. Akaunti ya Muuzaji inafungwa kwa sifuri. Ikibaki na chochote, rudi nyuma mstari kwa mstari ukilinganisha leja na jedwali. Mara nyingi utakuta awamu moja yote iliingia kwenye riba, au ada ya kutuma fedha ilipachikwa kwenye deni.

Baada ya hapo hakuna maandishi mapya ya mashine kwa sababu ya kumaliza deni. Iliingia vitabuni tangu 1 Julai 2025, na siku hiyo ya mwisho inasimama kwa 280,000 baada ya uchakavu wa miaka miwili. Inayobadilika ni mizania: maelezo ya haki ya muuzaji yanafutwa. Chukua barua ya kumaliza deni na hati ya umiliki, ziweke kwenye faili la mkataba, na uendelee kutoa uchakavu wa 100,000 kwa mwaka hadi Juni 2029.